Nati inazunguka, nguzo inapasuka: kutatua matatizo ya skrubu kwenye boksi la printa ya 3D

Boksi tutakalolifanyia kazi hapa ni la kawaida Lamu: linabeba bodi ya kuwasha na kuzima pampu ya maji, linafungwa ukutani juu ya paa kando ya tangi, na kifuniko chake kinashikwa na skrubu nne za M3. Kwa nje lina milimita 100 kwa 70, kimo chake 40. Kuta na kifuniko vina unene wa milimita 2.0. Linachapishwa kwa PETG, nozeli ya 0.4, tabaka la 0.2. Vipimo vyote vinavyofuata ni vya milimita.

Katika kila pembe kuna nguzo ya skrubu, yaani mche wa plastiki wenye tundu katikati. Ndani ya tundu inazamishwa nati ndogo ya shaba ya njano yenye meno kwa nje na hesi kwa ndani. Nati hupashwa moto kwa chuma cha solda, plastiki inayeyuka na kuingia kati ya meno, kisha ikipoa inaigandia. Ukifunga skrubu moja kwa moja kwenye plastiki, hesi huliwa baada ya kufungua na kufunga mara chache, na boksi la pampu hufunguliwa kila mara. Nati ya shaba haina shida hiyo, mradi imekaa sawasawa. Ikiwa haikukaa, lawama huenda kwa chuma cha solda au kwa mkono wa fundi, ilhali mara nyingi kosa lilikuwemo kwenye mchoro kabla printa haijawashwa. Kwa hiyo anza na dalili unayoiona, kisha urudi nyuma hadi kwenye kipimo kilichoisababisha.

Kabla ya yote, chukua kalipa upime nati uliyonayo. Nati za M3 hazifanani. Hapa tunatumia yenye urefu wa 5.7 na upana wa 4.6 kwenye meno, ambayo inataka tundu la 4.0. Zipo fupi zaidi na nene zaidi, na mfuko uliokuja na basi mpaka Mokowe kisha ukavushwa kwa boti unaweza kuwa na maandishi ya aina moja na nati za aina nyingine. Nati nyingi zina sehemu nyembamba kidogo upande wa chini, ile inayotangulia kuingia. Tundu linapaswa kuwa na upana wa sehemu hiyo au kuuzidi kwa nywele tu, ili nati isimame wima yenyewe kabla ya kupashwa moto. Ukikuta nati yako haina sehemu hiyo, punguza takriban 0.5 au 0.6 kutoka upana wa meno, kisha ujaribu kwanza kwenye kipande cha majaribio.

Nati inazunguka pamoja na skrubu

Unafunga, skrubu inashika, halafu ghafla nati nzima inageuka ndani ya nguzo. Maana yake meno hayakupata plastiki ya kutosha ya kuuma. Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni tundu kuwa pana mno. Kama nati iliingia kwa uzito wa chuma cha solda peke yake, bila plastiki kusukumwa hata kidogo kuzunguka mdomo wa tundu, basi jibu umelipata.

Shida ni kwamba tundu unalolichora silo tundu unalolipata. Tundu dogo linalochapishwa likiwa wima kwa kawaida hutoka jembamba kuliko mchoro, mara nyingi kwa 0.1 hadi 0.3, kwa sababu plastiki inayowekwa kwenye mduara mdogo huvutwa kuelekea katikati inapopoa. Fundi aliyezoea hilo huongeza kipimo kwa kubahatisha, kisha akibadilisha printa au uzi wa plastiki anakuta amezidisha. Usibahatishe. Chapisha kipande cha majaribio chenye kimo cha 8, kiwe na matundu matano ya 3.8, 4.0, 4.2, 4.4 na 4.6, vituo vyake vikiachana kwa 12. Tumia uzi uleule, mipangilio ileile na idadi ileile ya mistari ya ukuta utakayotumia kwenye boksi. Pima matundu kwa kuingiza shina la keekee la kipimo kinachojulikana, kwani meno ya kalipa kwenye tundu dogo husoma pungufu. Zamisha nati katika kila tundu, ziache zipoe kabisa, kisha funga skrubu kwa nguvu za kawaida za mkono uone ipi inazunguka.

Wanaochora kwa OpenSCAD wana mtego wao wa peke yake. Usipotaja idadi ya pande, programu hiyo huufanya mduara wa upana wa 4.0 kuwa umbo la pande saba tu. Pembe zake zinafika 4.0, lakini kati ya pande zake nafasi ni 3.6. Tundu linaonekana dogo, fundi analipanua mpaka nati iingie, na sasa meno yanashika kwenye pande saba huku pembe saba zikibaki tupu. Weka `$fn = 64` kisha urudi kwenye 4.0.

Nati ambayo tayari inazunguka unaweza kuiokoa. Ipashe moto uitoe, kata vipande viwili vitatu vifupi vya uzi uleule wa plastiki uvisimamishe ndani ya tundu ukiviegemeza ukutani, kisha uzamishe nati upya. Plastiki ya ziada itajaza nafasi. Gundi ya epoksi pia hufanya kazi, ila paka meno tu kwa uangalifu, maana ikiingia kwenye hesi nati ile haina kazi tena.

Nguzo imepasuka, au ukuta umefanya uvimbe kwa nje

Nati ya 4.6 ikiingia kwenye tundu la 4.0, ile plastiki iliyokuwa kati ya vipimo hivyo viwili lazima iende mahali. Sehemu hujaza meno, sehemu hushuka chini ya nati, na iliyobaki inasukuma nguzo kwa nje. Nguzo nene huhimili. Nyembamba hupasuka au kufura.

Ufa wenyewe unasema chanzo chake. Ufa unaolala, unaofuata mstari wa tabaka, unatokana na matabaka kutoshikana. Seremala wa Lamu anajua kwamba msumari ukipigwa karibu na ncha ya ubao, ubao unapasuka kufuata nyuzi zake, na ndiyo maana waunda majahazi hutoboa kwanza kwa keekee kabla ya kupiga msumari. Boksi lililochapishwa lina nyuzi zake pia, nazo ni matabaka. Nati ikilazimishwa kabla plastiki haijalainika hutenda kama kabari, na matabaka yanaachana. Kwa PETG weka chuma cha solda kwenye nyuzijoto 230 hadi 250, kwa PLA 210 hadi 230. Gusisha, ngoja sekunde tatu au nne bila kusukuma, halafu acha nati ishuke kwa shinikizo dogo. Safari nzima ichukue kama sekunde 10. Ikibidi ukaze mkono, joto halitoshi au tundu ni dogo.

Hewa ya pwani nayo inachangia. PETG inafyonza unyevu, na uzi uliokaa wazi wiki kadhaa Lamu huchapisha ukitoa vipovu na nywele nyingi, na matabaka yake hayashikani vizuri. Ukisikia nozeli inatoa milio midogo ya kupasukapasuka, simamisha kazi. Ukaushe uzi kwenye nyuzijoto 65 kwa saa sita hivi. PLA ikaushwe kwa 45 hadi 50 tu, isije ikalainika ikagandana kwenye gurudumu lake.

Ufa uliosimama, unaokata matabaka kutoka juu kwenda chini, ni habari nyingine: plastiki inayozunguka tundu ni nyembamba. Kwa nati ya M3 acha ukuta wa 2.0 kulizunguka tundu, usishuke chini ya 1.6. Tundu la 4.0 pamoja na 2.0 kila upande linatupa nguzo ya upana wa 8.0. Lakini kipimo kwenye mchoro pekee hakitoshi, kwani slaisa inaweza kuchora mistari miwili ya ukuta upande wa ndani, miwili upande wa nje, na kuacha ujazo wa wavu katikati. Mstari mmoja ukiwa wa 0.4, mistari mitano hufanya 2.0 kamili. Weka `Wall Line Count` iwe 4 au zaidi. Kwenye slaisa nyingine mpangilio huohuo unaitwa `Perimeters` au `Wall loops`. Mistari inahesabiwa kutoka pande zote mbili, kwa hiyo minne inatosha kabisa kuijaza nguzo yetu. Fungua picha ya matabaka kabla ya kuchapisha, shuka hadi katikati ya nguzo, uhakikishe ni plastiki tupu kutoka tundu hadi nje. Kupandisha ujazo wa boksi zima hadi asilimia 60 ili nguzo iwe imara ni kupoteza uzi na saa. Nguvu za nguzo ziko kwenye mistari yake.

Hapa kuna ushauri mmoja unaosambaa ambao haufai kufuatwa: eti ukuta wa nguzo usizidi asilimia 60 ya ukuta wa boksi. Kanuni hiyo ni ya kweli katika viwanda vinavyosindilia plastiki ya moto kwenye kalibu, ambako nguzo nene huacha mbonyeo upande wa nje. Printa haina tatizo hilo. Ukiifuata kwa boksi la ukuta wa 2.0 utapata nguzo yenye ukuta wa 1.2, na itapasuka.

Uvimbe kwa nje ya boksi unatokana na mahali nguzo ilipowekwa. Kwa boksi letu, kituo cha tundu kiwe 5.5 kutoka uso wa nje wa kila ukuta. Nguzo ya nusu-upana wa 4.0 itaanza 1.5 ndani, kwa hiyo inaungana na ukuta wa 2.0 kwa nusu milimita, na kati ya ukingo wa tundu na uso wa nje kunabaki 3.5 za plastiki. Joto halifiki nje. Vituo vya skrubu vitakuwa vimeachana kwa 89 upande mrefu na 59 upande mfupi. Ukisogeza kituo hadi 6.5 ili nguzo isimame peke yake, unatengeneza mwanya wa 0.5 kati yake na ukuta, ambao nozeli ya 0.4 haiwezi kuuchapisha vizuri. Utajaa nywele na vipande visivyoshika. Ama unganisha, ama uachanishe kwa 2.0 au zaidi.

Hata nguzo iliyoungana na kuta zote mbili huacha kijishimo kidogo kati yake na pembe ya boksi. Jaza pembe hiyo. Kwa OpenSCAD inatosha hivi:

```
$fn = 64;
module nguzo(h, nje = 8, tundu = 4.0, kina = 7.5) {
  difference() {
    union() {
      cylinder(d = nje, h = h);
      translate([-4, -4, 0]) cube([4, 4, h]);
    }
    translate([0, 0, h - kina])
      cylinder(d = tundu, h = kina + 0.01);
    translate([0, 0, h - 0.5])
      cylinder(d1 = tundu, d2 = tundu + 0.8, h = 0.51);
  }
}
```

Kitako cha mraba kinaelekea pembe ya chini kushoto, kwa hiyo kwa pembe nyingine tatu izungushe nguzo kwa nyuzi 90, 180 na 270. Sehemu ya mwisho inapanua mdomo wa tundu kwa kina cha nusu milimita ili plastiki inayopanda juu ipate pa kukaa. Bila mdomo huo inabaki kama pete kuzunguka nati, kifuniko kinakalia pete, na mwanya unaonekana kati ya kifuniko na boksi.

Uvimbe unaweza pia kutokea chini, kwenye sakafu ya boksi, pale penye nguzo fupi za kubebea bodi. Nguzo ya kimo cha 5 haiwezi kumeza nati ya 5.7, hivyo fundi anaendeleza tundu mpaka ndani ya sakafu ya 2.0. Nati inashuka, plastiki iliyoyeyuka inasukumwa mbele yake, na sakafu iliyobaki nyembamba inachomoza kwa nje. Tumia nati fupi ya urefu wa 3 au 4 kwa nguzo hizo, na uache angalau 1.2 za plastiki chini ya tundu.

Nati inapanda juu na kung'oka unapokaza kifuniko

Dalili hii ndiyo inayowachosha watu zaidi, kwa sababu nati ilikaa vizuri, ilishika vizuri, na imeng'oka siku ya kufunga. Ina sababu mbili, na zote hazihusiani na moto.

Ya kwanza ni tundu la kifuniko. Skrubu inapokazwa huivuta nati kwenda juu. Kama kifuniko kimeikalia nati yenyewe, nati haina pa kwenda: skrubu inavuta, kifuniko kinazuia, na meno hayabebi mzigo wowote mkubwa. Lakini kama tundu la kifuniko ni pana kuliko nati, au nati imezama chini ya uso wa nguzo, kila mzunguko wa bisibisi unaitoa kidogokidogo kama kizibo cha chupa. Tundu la kifuniko la skrubu ya M3 liwe 3.3 au 3.4, lisikaribie 4.6 kamwe. Anayepanua tundu la kifuniko mpaka 5 kwa kuwa skrubu hazilengani anaondoa kitu pekee kinachoizuia nati. Rekebisha vituo, usipanue tundu. Na nati ikae usawa mmoja na uso wa nguzo, isizame hata kwa nusu milimita.

Hili lina matokeo kwa mpira wa kuzuia maji. Boksi la juu ya paa linauhitaji, lakini ukiutandaza juu ya nguzo unakinyanyua kifuniko kutoka kwenye nati. Upitishe kwenye mfereji wake ukutani, upande wa ndani wa mstari wa skrubu, ili mpira ubanwe huku kifuniko kikigusa nguzo. Ukuta wa 2.0 hautoshi kuchimbiwa mfereji, kwa hiyo unenepeshe ukingo wa juu peke yake.

Sababu ya pili ni skrubu ndefu. Hebu tufuate hesabu ya boksi letu. Kifuniko ni 2.0, skrubu ya M3 yenye urefu wa 8 inaingia 6.0 ndani ya nguzo. Nati ni 5.7, kwa hiyo ncha ya skrubu inatokeza 0.3 chini yake. Tundu lina kina cha 7.5, kunabaki 1.5 za plastiki iliyosukumwa chini na hewa. Sawa kabisa.

Sasa dukani M3 za 8 zimeisha, fundi anarudi na za 10. Zinaingia 8.0, na tundu ni 7.5. Ncha inagonga chini wakati kichwa bado kiko nusu milimita juu ya kifuniko. Mkononi inahisi kama imekaza, lakini ukikitikisa kifuniko kinacheza. Akiongeza nguvu, skrubu inajisukuma kutoka chini ya tundu na kuipandisha nati. Namna ya kujua ni rahisi: ingiza skrubu kwenye nati bila kifuniko, uhesabu urefu unaobaki nje ikifika mwisho. Ukiwa mkubwa kuliko unene wa kifuniko, skrubu ni ndefu. Washa mbili za M3, kila moja ikiwa na unene wa 0.5, zinaleta skrubu hiyo kwenye 7.0 na kazi inaendelea. Kama unajua za 10 ndizo utakazozipata siku zote, chora tundu la 9.5 tangu mwanzo. Kina cha ziada hakidhuru kitu, ila tundu lisitoboke likaingia ndani ya boksi. Bodi ya volti 12 haina neno. Lakini kama ndani kuna rilei ya umeme wa volti 240, waya uliochomoka ukagusa nati unakuwa umefika kwenye kichwa cha skrubu, na hicho kiko nje, kinashikwa na mkono.

Nati imekaa upande, skrubu haiingii kwa kifuniko

Ncha ya kawaida ya chuma cha solda ni ya umbo la karoti. Inaingia ndani ya nati, inabana, na mkono ukiinama kidogo nati nayo inainama. Mbaya zaidi, unapoitoa inaondoka na nati.

Kama una ncha maalumu yenye bega bapa, itumie. Kama huna, zamisha nati kwa ncha ya kawaida mpaka ibaki kama nusu milimita juu ya uso, ondoa chuma haraka, kisha weka kipande bapa cha chuma baridi juu yake, kwa mfano ubapa wa rula ya chuma, na uibonyeze mpaka iwe sawa na nguzo. Shikilia sekunde 20 au 30. Chuma baridi kinafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: kinainyoosha nati, kinaisawazisha na uso, na kinafyonza joto kabla haijajizamia zaidi. Usijaribu kuinyoosha nati iliyokwisha poa kwa kuisukuma kwa bisibisi, kwani utapasua matabaka. Ipashe moto tena.

Plastiki ikiingia kwenye hesi, joto lilizidi au tundu lilikuwa fupi ikakosa pa kushukia. Pitisha tapu ya M3 polepole nati ikishapoa. Skrubu ya chuma nayo hufaa, ila ukihisi inakwama, irudishe nyuma robo mzunguko kabla ya kuendelea.

Kila kitu kilikuwa sawa, baada ya miezi kifuniko kinalegea au skrubu haifunguki

Kulegea ni suala la plastiki uliyoichagua. PLA inaanza kulainika karibu na nyuzijoto 60, na boksi jeusi kwenye jua la Lamu, upande usiopata upepo, linaweza kufika huko. Nati haihitaji kuyeyusha kitu. Inatosha plastiki iliyobanwa kati ya kichwa cha skrubu na nguzo itambae kidogo kidogo, na mkazo unapotea. Ukikaza tena unaanza upya mzunguko uleule. PETG hufika karibu 80 na ASA karibu 100, tena ASA inahimili jua lenyewe vizuri zaidi. Kwa boksi hili PETG nyeupe au ya kijivu inatosha, pamoja na washa pana chini ya kila kichwa cha skrubu ili mkazo usambae. Ikiwa lazima iwe PLA, boksi likae ndani ya nyumba.

Skrubu isiyofunguka ni kazi ya chumvi ya bahari. Skrubu ya chuma iliyopakwa zinki, ikiwa ndani ya shaba ya njano na hewa ya chumvi, ndiyo inayoliwa kwanza, na kutu yake inaibana kwenye hesi. Ukilazimisha kuifungua, kinachozunguka ni nati. Ipashe moto skrubu kwa ncha ya solda kichwani kwa sekunde chache tu, kiasi cha kutu kuachia bila nguzo kulainika, iache ipoe, kisha ujaribu kuirudisha nyuma taratibu. Zile mpya ziwe za chuma kisichoshika kutu, aina ya A4 ikipatikana, A2 ikikosekana, na upake grisi kidogo kwenye hesi kabla ya kufunga. Zikaze mpaka kifuniko kitulie, kisha ongeza robo mzunguko.